Intro ya esei imefika ukurasa wa 3 na swali halijaonekana: tatizo liko wapi na unalitoaje

Kabla hujagusa sentensi hata moja, print ukurasa wa kwanza peke yake (huna printa basi usome kwenye skrini ila usiskroli kwenda chini), shika kalamu, tafuta vitu vitatu tu. Sentensi inayosema esei inauliza nini, iandikie S pembeni, swali. Sentensi inayosema wewe jibu lako ni lipi, andika H, hoja. Na sentensi zinazosema utapita wapi mpaka ufike kwenye hilo jibu, andika R, ramani. Herufi isiyopatikana ndo inakwambia uanzie wapi hapa chini, maana chanzo cha swali kukosekana sio chanzo cha hoja kukosekana, na watu wengi wanarekebisha kitu kisicho kibovu, wanapamba sentensi ya kwanza wiki nzima wakati sentensi ya kwanza haina shida yoyote.

Ukurasa mmoja una nafasi gani? A4, maandishi saizi 12, nafasi ya mistari 1.5, kwa Kiswahili unapata kama maneno 300 hadi 350, maneno yetu ni marefu. Ukiweka nafasi mbili unashuka kwenye 250 hivi. Inatosha kabisa, utaona.

Mfano nitakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni esei ya historia, mwaka wa tatu, maneno 2,500, kuhusu Operesheni Vijiji Tanzania, ile kampeni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini miaka ya 1970. Nimeutunga mimi ila drafti za namna hii zipo kila muhula. Inaanza hivi:

"Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961 chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Baada ya uhuru nchi ilikabiliwa na maadui watatu ambao ni ujinga, maradhi na umaskini. Ili kupambana na maadui hawa serikali ilichukua hatua mbalimbali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Azimio hili lilijikita katika misingi ya ujamaa na kujitegemea. Ujamaa ni mfumo ambao..."

Inaendelea hivyo karibu kurasa tatu, inaeleza ujamaa ni nini, kijiji cha ujamaa ni nini, benki zilitaifishwa, halafu ukurasa wa tatu chini kabisa ndo inakuja "Esei hii itajadili Operesheni Vijiji nchini Tanzania."

Dalili ya kwanza: S haipo ukurasa wa kwanza

Chanzo karibu mara zote ni kwamba mwandishi ameanza pale historia ilipoanzia badala ya pale swali lake linapoanzia. Inaeleweka, unapoandika drafti ya kwanza unakuwa bado unajipanga kichwani, unaandika unachokijua vizuri ili mkono uzoee, na unachokijua vizuri ni uhuru na Azimio. Kazi yake hiyo aya imeshaifanya, imekusaidia wewe kuanza. Msomaji haimsaidii.

Na ina hatari nyingine ambayo watu hawaioni, usuli mrefu unakuingiza kwenye makosa ya vitu ambavyo wala hukuwa na sababu ya kuvitaja. Angalia ile sentensi ya kwanza tena. Iliyopata uhuru tarehe 9 Disemba 1961 ni Tanganyika, Tanzania imekuja baada ya muungano na Zanzibar Aprili 1964. Sasa msahihishaji wa historia kakutana na kosa mstari wa kwanza kabisa, kwenye jambo ambalo esei haihusiani nalo, na kuanzia hapo kila tarehe utakayoandika ataisoma kwa mashaka.

Namna ya kurekebisha ni hii. Chukua kila sentensi ya usuli uiulize: nikiifuta, je msomaji atashindwa kuelewa swali langu? Uhuru 1961, ukifuta hakuna kinachoharibika. Maadui watatu, futa. Benki kutaifishwa, futa, ni kweli ilitokea 1967 ila haina kazi hapa. Azimio la Arusha, hapo subiri, linahitajika kidogo, nusu sentensi, kwa sababu ndo linaloweka tarehe ya mwanzo. Zinazobaki huwa mbili au tatu. Kama ulizozifuta zina kitu cha maana zihamishie kwenye aya ya mwilini inayozihitaji, usizitupe, fungua faili lingine uzibandike huko, mtu anakata kwa moyo mweupe akijua hajapoteza kitu.

Maana ya maneno nayo ni hivyo hivyo. Neno lieleze pale linapofanya kazi mara ya kwanza, na ulieleze kama tu msomaji wako anaweza kulielewa tofauti na wewe. Mhadhiri wa historia ya Tanzania hahitaji kuelezwa ujamaa ni nini, lakini anahitaji kujua wewe ukisema "nguvu" unamaanisha bunduki na kuchoma nyumba, au unahesabu pia kumnyima mtu chakula cha msaada mpaka ahamie kijijini. Hiyo tofauti inabadilisha jibu, kwa hiyo hiyo ndo ya kuelezwa.

Dalili ya pili: S unaiona ila ukiitazama vizuri sio swali

"Esei hii itajadili Operesheni Vijiji." Hii ni mada. Ukimwambia mtu utajadili Operesheni Vijiji hana namna ya kujua lini utakuwa umemaliza kuijadili, na wewe mwenyewe huna, ndo maana mwili wa esei unaishia kuwa orodha ya kila ulichosoma.

Chanzo hapa kwa kawaida ni maneno ya swali la mhadhiri, kaandika "jadili" au "eleza" na mwanafunzi kalirudisha lilivyo. Mhadhiri amekupa eneo, swali la ndani yake unalitafuta wewe.

Njia inayofanya kazi zaidi kwenye historia ni kutafuta vitu viwili ambavyo havikai pamoja. Kwenye mada yetu vipo na viko wazi: Septemba 1967 Nyerere anaandika kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha watu, Novemba 1973 huyo huyo anatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na mwisho ni 1976. Mtu yeyote akisoma hizo sentensi mbili zikiwa jirani anajiuliza mwenyewe, ilikuwaje? Swali limeshazaliwa hata kabla hujaliandika. Unaliandika tu: kwa nini sera iliyoanza kwa hiari iligeuka amri?

Likague kwa kitu kimoja. Je, watu wawili waliosoma vitabu vile vile wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akawa na ushahidi? La "kwa nini" hapo juu wanaweza. "Operesheni Vijiji ilianza lini" hawawezi, hilo linajibiwa kwa tarehe. Na "je Operesheni Vijiji ilikuwa nzuri" wanaweza kubishana mpaka asubuhi ila ushahidi wa kuwamaliza hakuna, mpaka useme nzuri kwa nani na kwa kipimo gani.

Angalia pia ukubwa. Maneno 2,500 yanabeba swali moja la "kwa nini" na vituo vitatu vinne vya ushahidi. Ukiongeza "na matokeo yake kwa kilimo yalikuwaje" umeshaandika esei mbili ndani ya moja.

Dalili ya tatu: S ipo, H haipo

Hii ndo ngumu kuliko zote na ndo inayokula maksi nyingi kwa nilivyoona. Mwandishi anauliza vizuri halafu ananyamaza, anamwacha msomaji asubiri jibu mpaka hitimisho. Vyanzo viko viwili na lazima ujue chako ni kipi.

Cha kwanza, mwandishi jibu analo ila anadhani akilitoa mapema ameharibu utamu. Esei sio hadithi ya upelelezi, msomaji akilijua jibu ukurasa wa kwanza ndo anaanza kusoma kwa makini kwa sababu sasa anakagua kama kila aya inalibeba. Hapo tiba ni rahisi sana: nenda kwenye hitimisho lako, tafuta sentensi yenye "hivyo basi" au "kwa ujumla", kata, pesti kwenye intro. Kwenye drafti yetu ilikuwepo kweli, ukurasa wa mwisho: "Hivyo basi inaonekana matumizi ya nguvu hayakuanza na ukame wa 1973 kama inavyodhaniwa bali yalianza pale chama kilipotaka kusimamia vijiji chenyewe." Kurasa nane mtu anasubiri sentensi nzuri namna hii.

Cha pili, jibu hana kabisa. Utalijua hili kwa sababu hitimisho nalo ni tupu, linarudia vichwa vya habari. Na intro ikilazimishwa kuwa na hoja inatoa kitu kama hiki: "Nguvu zilitumika kutokana na sababu za kisiasa, kiuchumi na kijamii." Hiyo sentensi weka mada yoyote, vita ya Maji Maji, kuanguka kwa bei ya mkonge, mapinduzi ya Zanzibar, inakaa bila kubadilisha neno. Hoja inayokaa kila mahali haijasema kitu. Hapa usirekebishe intro kwanza, utapoteza muda, rudi kwenye ushahidi wako ujaze hii sentensi: *Ingawa wengi wanasema ___, ushahidi wa ___ unaonyesha ___, kwa sababu ___.* Ukishindwa kujaza "kwa sababu" maana yake kuna kusoma hakujaisha.

Tuijaze kwa mfano wetu, taratibu, maana hapa ndo watu wanateleza. Ingawa wengi wanasema ukame na upungufu wa chakula wa 1973 hadi 1975 ndo uliolazimisha. Ushahidi wa kabla ya hapo: mwaka 1969 chama tawala, TANU, kiliuvunja umoja wa vijiji vya Ruvuma, ule wa Litowa na wenzake kule Songea, ambao ulikuwa wa hiari na unajiendesha wenyewe. Mwaka 1971 ikafanyika Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kwa kampeni ya serikali. Mwaka 1972 yakaja madaraka mikoani, yaani mamlaka ya serikali kuu kushushwa mikoani.

Sasa msomaji mkali atakuuliza, kuvunja umoja wa vijiji na kuhamisha watu kwa nguvu ni kitu kimoja? Sio kitu kimoja. Kuvunjwa kwa umoja wa Ruvuma hakukuhamisha kaya yoyote ya Dodoma. Kwa hiyo ukiandika "matumizi ya nguvu yalianza 1969" ushahidi wako haukufikishi huko. Kinachofika ni kidogo zaidi na ni imara zaidi: 1969 uamuzi juu ya vijiji ulianza kuhama kutoka kwa wanavijiji kwenda kwa chama, na uamuzi ukishahama, siku serikali inapotaka haraka hakuna tena mtu kijijini mwenye nguvu ya kusema hapana. Unaona hoja imepungua ukubwa ila imepata mfupa. Na usiseme ukame haukuhusika, huwezi kulithibitisha hilo, sema ukame unaeleza ile haraka ilitoka wapi lakini hauelezi njia iliyochaguliwa.

Ndo maana nasisitiza hoja ikikatwa kutoka hitimisho isibandikwe tu ikaachwa. Ikague dhidi ya ushahidi ulionao, punguza maneno kama "zote", "kabisa", "ndiyo sababu pekee".

Dalili ya nne: R ipo lakini haielekezi popote

"Esei hii imegawanyika katika sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni utangulizi, ya pili ni usuli, ya tatu ni mjadala na ya nne ni hitimisho." Kila esei duniani iko hivyo. Chanzo ni kwamba ramani imeandikwa kwa kutazama vichwa vya habari badala ya kutazama hoja, na mara nyingi ukikuta R ya hivi rudi uangalie H, utakuta nayo ni dhaifu, haiwezekani kupanga njia ya kwenda mahali usipopajua.

Andika kila hatua ukianza na kitendo: inaonyesha, inalinganisha, inapima, inapinga. Halafu sema hatua hiyo inathibitisha kipande gani cha hoja. Sentensi tatu nne zinatosha, moja kwa kila kituo kikubwa. Usiorodheshe aya zote.

Hii hapa intro nzima baada ya kupitia yote hayo:

"Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa lazima viundwe na watu kwa hiari yao. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Kwa nini sera iliyoanza kwa hiari iligeuka amri katika muda wa miaka sita? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ukame na upungufu wa chakula wa 1973 hadi 1975. Esei hii inakubali kwamba njaa iliongeza haraka, lakini inadai kwamba njia ya amri ilikuwa imeshaandaliwa kabla, pale uamuzi juu ya vijiji ulipohama kutoka kwa wanavijiji kwenda kwa chama na watendaji wa serikali. Inaanza na kuvunjwa kwa umoja wa vijiji vya Ruvuma mwaka 1969, kuonyesha kwamba vijiji vilivyojiendesha vilipoteza sauti ingawa vilikuwa vya hiari. Kisha inaitazama Operesheni Dodoma ya 1971, ambako kuhamisha watu kwa kampeni kulijaribiwa miaka miwili kabla ya amri ya taifa. Inafuata kuonyesha jinsi madaraka mikoani ya 1972 yalivyowapa viongozi wa mikoa uwezo wa kuieneza njia hiyo. Mwisho inarudi kwenye ukame na kupima unaeleza nini na nini hauelezi."

Haifiki maneno 200, hata ukurasa haujai. S iko sentensi ya tatu. Kabla yake kuna usuli wa sentensi mbili tu na zote mbili zinafanya kazi ya kulizaa swali. Hoja inakuja baada ya kutaja jibu la wengine, mpangilio huo unasaidia kwa sababu msomaji anaona unachobishana nacho. Nafasi iliyobaki unaweza kueleza lile neno "nguvu" au kusema unatumia vyanzo gani, hotuba, magazeti ya wakati ule, mahojiano.

Dalili ya tano: ukurasa wa kwanza umekaa sawa, msahihishaji bado anaandika "haieleweki unakwenda wapi"

Basi tatizo limehamia mwilini. Intro mpya inaahidi safari ambayo mwili wa zamani hauifuati, ni kawaida kabisa ukishakata na kuhamisha. Fungua faili tupu, kopi sentensi ya kwanza ya kila aya uzipange kwa kufuatana, soma hizo tu. Zikisomeka kama R yako iliyorefushwa uko salama. Ukikuta aya inaanza "Pia mwaka 1967 benki zilitaifishwa", hiyo ni mabaki ya intro ya zamani iliyojificha, itoe. Ukikuta aya tatu za Dodoma na hakuna hata moja ya madaraka mikoani, una mawili, uiandike au uitoe kwenye ramani, na ukiitoa angalia hoja kama bado inasimama bila hicho kituo. Kwa mfano wetu haisimami vizuri, ni madaraka mikoani ndo yanaunganisha Dodoma na nchi nzima, kwa hiyo hapo utaandika.

Ambapo hii haifanyi kazi

Ripoti ya maabara na proposo ya utafiti zina muundo wake, swali linaweza kuwa na kichwa chake cha habari kabisa, fuata mwongozo wa idara. Tasnifu ya uzamili nayo intro yake ni sura nzima ya kurasa nyingi, lakini hata huko supavaiza wengi wanapenda kuona swali na jibu kwa ufupi kwenye ukurasa wa kwanza wa sura, halafu upanue baadaye. Kuna wahadhiri hawataki "esei hii inadai" wala "nadai", wanataka hoja isemwe moja kwa moja, hapo unafuta hayo maneno na hoja inabaki pale pale: "Njaa iliongeza haraka, lakini njia ya amri ilikuwa imeshaandaliwa kabla."

Kwenye mtihani wa saa tatu huna muda wa kukata na kuhamisha. Acha mistari kama kumi wazi juu ya karatasi ya majibu, andika kwanza H kwa penseli kwenye karatasi ya rafu, jibu mwili, halafu dakika kumi za mwisho rudi ujaze ile mistari kwa S, H na R kama zilivyotokea kweli kwenye jibu lako, sio kama ulivyozipanga mwanzo.